Wastani wa Faida Unaopotosha

Faida ya kipindi chote cha kumiliki hisa ni bei ya mwisho pamoja na gawio, ukitoa bei ya kununulia, kisha ugawanye kwa bei hiyo ya kununulia. Hisa ya shilingi 1,000 isiyo na gawio ikipanda asilimia 50 hufika 1,500. Mwaka wa pili ikishuka asilimia 40 hubaki 900. Wastani wa kawaida unadai faida ya asilimia 5 kwa mwaka, ilhali mwenye hisa amepoteza shilingi 100. Wastani wa kijiometri, yaani kipeuo cha pili cha 0.9 ukitoa 1, ndio unaosema kweli: hasara ya asilimia 5.1 kila mwaka. Asilimia 40 ile ilikatwa kwenye 1,500, si kwenye 1,000. Kadiri bei inavyoyumba, ndivyo pengo kati ya wastani hizo mbili linavyopanuka.