Mikono Imeiva, Macho Bado

Dereva aliyepata leseni juzi anajua kubadili gia, kurudi nyuma na kuegesha bila taabu. Hata hivyo, miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yake ndiyo yenye hatari kubwa ya ajali, na hatari hiyo hushuka haraka kadiri anavyozidi kuwa barabarani. Kinachopungua ni upofu wa macho yasiyozoea, kwa kuwa mikono ilikwisha kuiva kabla ya mtihani.

Watafiti waliofuatilia macho ya madereva tangu miaka ya 1970 walikuta kwamba mgeni hukazia macho karibu na boneti na hutazama vioo kwa nadra. Mzoefu hutazama mbali, huku macho yake yakitembea kulia na kushoto.

Tofauti hiyo huonekana wazi pale basi linaposimama kituoni kushusha abiria. Mzoefu anayekuja kwa kilomita 50 kwa saa huona miguu ya mtoto chini ya uvungu wa basi, akaachia mafuta na kushuka hadi 40. Mgeni huona basi tu, na basi limesimama, kwa hiyo haoni sababu ya kupunguza mwendo. Mtoto anachomoka mbele ya basi, mita 22 kutoka kwenye gari. Kila dereva huchukua kama sekunde moja kabla ya mguu kufika kwenye breki. Kwenye lami kavu na tairi nzima, yule wa 40 husimama ndani ya mita 20 hivi, na mtoto anasalimika. Yule wa 50 huwa ameshatumia mita 14 kabla hajagusa breki. Zilizobaki ni mita 8, na anamgonga mtoto akiwa bado kwenye mwendo wa kilomita 32 kwa saa. Breki za wote wawili zilikuwa sawa.

Jicho hilo ndilo Uingereza ilianza kulipima Novemba 2002, kwa kuongeza sehemu ya kutambua hatari katika mtihani wa nadharia. Mtahiniwa huonyeshwa video fupi 14 za barabarani, na hubofya kipanya anapoona hatari inayoanza kujitokeza. Anayeiona mapema hupata alama 5, na kila anapochelewa alama hupungua hadi kukosa kabisa. Hatari ziko 15, kwa sababu video moja ina mbili, na wa gari dogo anahitaji alama 44 kati ya 75. Anayebofya ovyo kwa kubahatisha hupata sifuri katika video hiyo. Huo ni mpango mzuri, kwa kuwa kukariri alama za barabarani hakumsaidii mtu hapo. Kenya, kwa mfano, inajulikana kwa ubao wa mji wa mfano ambako mtahiniwa husogeza kigari na kueleza nani apite kwanza. Ubao huo hupima sheria vizuri, lakini hakuna mtoto anayechomoka nyuma ya basi.

Ujana huongeza jambo jingine, nalo ni kujiamini kupita uwezo. Norwei iliwahi kuwalazimisha madereva wapya kujifunza kuendesha kwenye utelezi, na tathmini ikaonyesha kuwa vijana wa kiume waliopata mafunzo hayo walipata ajali zaidi kwenye barabara telezi. Waliamini wanaweza kulidhibiti gari likiteleza, wakaacha kupunguza mwendo.

Ndiyo maana maswali ya nadharia ya Uingereza yana sehemu nzima ya tabia: kumfuata mtu kwa karibu mno, kumwashia taa ili apishe, kushindana na anayeovateki. Kwa umbali hutolewa kipimo rahisi. Gari la mbele likipita nguzo, dereva huhesabu; akiifikia nguzo hiyo kabla ya sekunde mbili, yuko karibu mno. Barabara ikilowa, sekunde ziwe nne.

Lakini mtihani una kikomo. Mtahiniwa huwa na adabu zote akiwa na mtahini pembeni. Jumamosi usiku, rafiki zake wakiwa wamejaa garini na muziki uko juu, hakuna anayempa alama, na utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba kijana mwenye abiria wa rika lake hupata ajali mbaya zaidi kuliko akiwa peke yake. Sheria ya Uingereza ya 1995 ilijaribu kumfuata hadi huko: anayefikisha alama 6 za makosa ndani ya miaka miwili ya kwanza hunyang'anywa leseni na kuanza upya mitihani yote miwili. Nyuzilandi ilikwisha kwenda mbali zaidi mwaka 1987, kwa leseni ya hatua. Mwenye leseni ya hatua ya kati haruhusiwi kuendesha peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwa kawaida hawezi kubeba rafiki zake bila dereva mzoefu kuketi kando yake.