Kumwomba Mwenzako wa Nyumba Ashike Ufagio

Magomvi ya usafi kati ya watu waliopanga pamoja hutokana sana na tofauti ya uvumilivu. Anayekosa usingizi vyombo vikilala vichafu ataviosha usiku uleule. Mwenzake, ambaye angeviosha kesho mchana, anaamka na kuvikuta safi. Baada ya miezi miwili kazi imekuwa ya mmoja bila mtu kuamua hivyo, na wa pili haoni deni lolote.

Hesabu za kichwani nazo hudanganya. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anafanya sehemu gani ya kazi za nyumbani. Majibu yalipojumlishwa, mara nyingi yalizidi kazi nzima, kwa kuwa mtu hukumbuka zaidi alichofanya yeye. Ndiyo maana kauli ya "kila kitu nafanya mimi" huzua ugomvi: msikilizaji naye anakumbuka taka alizotoa na gesi aliyojaza.

Tuseme vijana wawili wanachangia kodi ya chumba na sebule Sinza, Dar es Salaam. Mmoja anarudi kazini jioni na njaa yake, anakuta sufuria ya ugali imegandamana ukoko tangu jana. Akifoka palepale, "Osha vyombo vyako, hapa si hotelini," ameshajifanya baba mwenye nyumba. Afadhali angoje hadi wote wameshakula na hakuna mgeni, kisha ataje jambo moja tu: "Kaka, jana sufuria ilikuwa na ukoko, nikashindwa kupika, ikabidi ninunue chipsi. Naomba ukimaliza kula uiloweke, uioshe kabla hujalala. Na mimi je, kuna ninachokukera?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalowaweka sawa, maana bosi haulizi hivyo. Lakini aliyeuliza avumilie jibu, hata likiwa ni nywele anazoacha bafuni kila akinyoa.

Makubaliano yanayofuata yanahitaji kuwa ya wazi. Kwa mmoja, kusafisha choo ni kumwaga maji. Kwa mwingine ni kusugua kwa brashi na dawa mpaka pembeni. Hilo lisiposemwa, kila mmoja atajiona ametimiza. Kanuni ya kwamba aliyejaza ndoo ya taka ndiye aimwage haidumu, kwani watu huanza kushindilia taka ili ndoo isijae mikononi mwao. Ni bora kupokezana kwa siku ambayo gari la taka hupita mtaani: siku yenyewe ndiyo inayokumbusha. Ratiba ya ukutani nayo waiandike wote wawili. Ya mmoja husomeka kama tangazo la ofisini.

Si lazima kazi zilingane. Anayeingia zamu za usiku anaweza kupika mchana, mwenzake akaosha na kudeki. Ila mtu akiahidi mara mbili tatu asitekeleze, tatizo si lugha tena. Hapo wanaweza kuchanga wamlipe mtu wa kuwafanyia usafi kila wiki, au wakae waamue, kabla kodi nyingine haijalipwa, kama wataendelea kuishi pamoja.