Ripoti ya betri ya kompyuta mpakato

Ripoti ya betri ya kompyuta mpakato ni taarifa inayoonyesha betri iliundwa kuhifadhi nishati kiasi gani, sasa inahifadhi kiasi gani, na imetumika kwa mizunguko mingapi. Katika Windows hupatikana kwa kuandika amri hii kwenye Command Prompt:

```
powercfg /batteryreport
```

Amri hiyo hutengeneza faili la `battery-report.html`, ambalo hufunguliwa kwa kivinjari. Namba zinazotakiwa ziko chini ya kichwa `Installed batteries`.

Namba mbili za ujazo zinasomwaje?

`DESIGN CAPACITY` ni ujazo uliokusudiwa na kiwanda, nao haubadiliki. `FULL CHARGE CAPACITY` ni ujazo ambao betri inaufikia leo ikijaa. Tuseme ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili 38,500 mWh. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: betri imebaki na asilimia 77. Kama kompyuta inatumia wati 10, itadumu takriban saa 3 na dakika 50. Alama ya asilimia 100 pembeni mwa skrini haionyeshi upungufu huo, kwa sababu hupima ujazo wa leo tu.

Mzunguko ni nini?

Mzunguko mmoja hutimia pale umeme uliotumika kutoka kwenye betri unapofikia jumla ya asilimia 100. Anayetumia nusu ya betri leo na nusu kesho amemaliza mzunguko mmoja, hata kama amechaji mara mbili.

`CYCLE COUNT` ikiwa ni 0 au kistari, je, betri ni mpya?

Si lazima. Betri nyingine hazitoi hesabu hiyo kwa Windows. Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba akiona 0 pamoja na ujazo uliobaki asilimia 60, aamini ujazo. Kuweka Windows upya hufuta historia iliyo chini ya `Battery capacity history`, lakini hakurudishi ujazo uliopotea.

Je, ujazo wa leo unaweza kukosewa?

Ndiyo, kwa kuwa ni makadirio ya chipu iliyo ndani ya betri. Betri inayokaa kwenye chaja muda wote huinyima chipu nafasi ya kupima upya. Dalili yake ni kompyuta kuzimika ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 25, ingawa seli iliyochoka pia husababisha hivyo. Ijaze betri, itumie hadi kompyuta ijizime, ijaze tena bila kukatiza, kisha toa ripoti nyingine. Ikiwa namba imeshuka hadi 31,000 mWh, chipu ndiyo iliyokuwa inakadiria zaidi ya ukweli.

Jaribio hilo lisifanywe kwa betri iliyovimba. Uvimbe hauonekani kwenye ripoti. Huonekana kwenye kibodi iliyoinuka au kifuniko cha chini kilichoachana. Betri hiyo isichajiwe tena, hata ripoti ikisema ina asilimia 90.