Kabla Rafta ya Kwanza Haijakatwa

Fundi anayepaua kwa mazoea hukata mbao moja, huipandisha, hurudi nyuma hatua kadhaa akatazame, kisha huishusha akaikate tena. Wakati mwingine inakuwa fupi, na mbao ya inchi 2 kwa 6 ikishakuwa fupi imebaki kuwa ya kuungaungia tu. Yote hayo yangeweza kumalizwa chini, kwa futikamba, kalamu na simu yenye kikokotoo, kwa sababu paa la migongo miwili ni pembetatu mraba mbili zilizoegemeana.

Tuchukue nyumba moja. Juu ya kuta zake zimelazwa mbao ambazo mafundi huziita wolpleti. Kutoka ukingo wa nje wa wolpleti moja hadi ukingo wa nje wa ile ya pili ni mita 8.00. Huo ndio upana wa hesabu, si upana wa ukuta wala wa chumba, kwa kuwa rafta haikalii plasta, inakalia wolpleti. Mwenye nyumba anataka kilele kiwe mita 1.50 juu ya wolpleti. Upande wa nyumba ambako ukuta unapanda hadi kileleni upimwe, kisha upimwe pia upande wa pili na katikati. Upana ukiwa 8.00 huku na 8.06 kule, rafta za pande hizo haziwezi kuwa sawa, na ni rahisi zaidi kusogeza wolpleti sasa kuliko kubishana na mgongo uliopinda baadaye.

Rafta moja haivuki mita 8. Inaishia kileleni, kwa hiyo inasafiri nusu yake, mita 4, huku ikipanda mita 1.50. Hapa ndipo kanuni ya Pithagoras ya darasani inapopata kazi: 4 mara 4 ni 16, na 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Jumla ni 18.25, na kipeuo chake cha pili ni 4.272. Rafta ina urefu wa mita 4.272 kutoka ukingo wa wolpleti hadi mstari wa katikati ya kilele.

Kabla ya kuifunga simu, gawanya 4.272 kwa 4. Jibu ni 1.068, na namba hii iandikwe kwenye wolpleti kwa penseli nzito, kwa sababu itatumika mpaka bati la mwisho. Maana yake ni kwamba kila mita moja ya kwenda mlalo inahitaji mita 1.068 za mbao. Mwenye nyumba anataka paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta ili mvua isipige plasta. Wengi huongeza sentimita 60 kwenye mbao na kuendelea, kumbe sentimita 60 hizo ni za mlalo. Mbao inadai 60 mara 1.068, yaani 64. Kwa kukosa sentimita hizo nne hakuna nyumba itakayoanguka, lakini paa likiwa kali zaidi tofauti hukua haraka. Kimo kingekuwa mita 3 badala ya 1.50, namba ile ingekuwa 1.25 na sentimita 60 zingedai 75.

Sasa rafta nzima ni mita 4.913. Kama kileleni kuna mbao ya mgongo yenye unene wa sentimita 5, kila rafta inaiachia nusu yake, sentimita 2.5 za mlalo, ambazo kwenye mbao ni karibu 2.7. Rafta inakatwa mita 4.886. Kama ni kenchi ambazo mbao zake hukutana uso kwa uso, hakuna cha kupunguza.

Pembe ya mwinamo hupatikana kwa kugawanya kimo kwa nusu ya upana: 1.5 kwa 4 ni 0.375. Kwenye kikokotoo bonyeza tan⁻¹ ya 0.375, upate nyuzi 20.56. Ukipata 0.3588, kikokotoo kiko kwenye RAD; kirudishe kwenye DEG. Ila kwa mkono wangu ningependelea guni kuliko pembe. Weka sentimita 40 kwenye mkono mmoja wa guni na 15 kwenye mwingine, zote mbili ziguse ukingo ule ule wa mbao. Mstari wa upande wa 15 ndio mkato wa kileleni, na wa upande wa 40 ndio mkato wa kukalia wolpleti. Wapo wanaohamisha guni mara kumi kupata urefu wote, na hesabu inakubali, kwani kila hatua ni sentimita 42.72. Lakini upana wa penseli mara kumi ni kosa linaloonekana. Guni litoe pembe, futikamba itoe urefu.

Anayetumia mashine ya kukata awe macho na jambo moja. Mkato wa kileleni ni nyuzi 20.56 kutoka kwenye mstari unaokatiza mbao kwa mraba. Akizipima kutoka kwenye ubavu wa mbao atapata ncha kali kama mkuki, na mbao mbili zitagusana kwenye ncha tu huku chini zikiachana.

Kisha kuna ugomvi wa kimo. Paa limesimama, mwenye nyumba anapima na kukuta kilele kimezidi mita 1.50 kwa sentimita kumi na kitu. Fundi hakukosea. Hesabu yetu inafuata mstari unaopita kwenye kona ya wolpleti, si mgongo wa mbao. Rafta ya sentimita 15 isichongwe zaidi ya theluthi moja pale inapokalia, ili isidhoofike. Ukichonga 5 zinabaki 10 juu ya mstari, na zikipimwa wima ni 10 mara 1.068, karibu 10.7. Jambo hili liambiwe mwenye nyumba mapema, hasa kama ukuta wa pembeni umeshajengwa hadi kileleni.

Baada ya mbao huja bati, na hapa hesabu mara nyingi hugeuka kichwa chini. Rafta zetu zinadai bati la mita 4.913, pamoja na sentimita 5 za kuchomoza ili maji yamwagike kwenye mfereji: karibu 4.96. Mwenye nyumba tayari amenunua bati za mita 2.5. Mbili zikipandana sentimita 20 zinafunika 4.80. Zimepungua sentimita 16, na kofia haiwezi kuziba pengo hilo. Kupunguza mpandano ni kukaribisha maji.

Bati zikiwa haziwezi kubadilika, rafta ndizo zibadilike kabla hazijakatwa. Ondoa sentimita 5 za kuchomoza, unabaki na 4.75 za mteremko. Njia moja ni kuacha kimo kama kilivyo na kugawanya 4.75 kwa 1.068. Inatoka 4.45 za mlalo, yaani paa litokeze sentimita 45 badala ya 60. Njia ya pili ni kushikilia sentimita 60 na kushusha kilele. Gawanya 4.75 kwa 4.60, upate 1.0326. Izidishe kwa yenyewe, toa 1, chukua kipeuo, upate 0.257, mara 4 ni mita 1.03. Mwinamo unashuka hadi nyuzi 14.4. Bati bado linamwaga maji vizuri hapo, ila dari inabanana na joto linakaribia. Penye mvua ya kusukumwa na upepo ningeshusha kilele na kuulinda ukuta. Na kama bati hazijanunuliwa, viwanda vingi hukata kwa kipimo cha mteja: agiza 4.96, baada ya rafta ya kwanza ya kila upande kusimama na kupimwa.