BARUA YA UTHIBITISHO WA AJIRA KWA MKOPO AU VIZA

Watumishi wa umma na wananchi wanafahamishwa kuwa barua ya uthibitisho wa ajira hutolewa na mwajiri, wala si na mkuu wa kituo cha kazi. Kwa mfano, mwalimu wa shule ya Serikali iliyoko Chimala mwajiri wake ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali, Rujewa. Mkuu wa shule hupitisha maombi tu. Barua yenye saini yake peke yake huweza kurejeshwa.

Barua hiyo huwa na kumbukumbu namba, tarehe, jina kamili, cheo, tarehe ya kuajiriwa, aina ya ajira na mshahara. Jina lifanane herufi kwa herufi na lililoko katika pasipoti au kitambulisho.

Kosa litokealo mara nyingi limo katika mshahara. Tuseme mwalimu huyo ana mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Makato ya kodi, hifadhi ya jamii, bima ya afya na mkopo wa elimu ya juu ni jumla ya shilingi 300,000, na mkopo wa zamani wa benki ni shilingi 180,000. Anachokipokea ni shilingi 420,000. Barua ikitaja 900,000 pekee, nayo taarifa ya benki ikionesha 420,000, msomaji huingiwa na shaka. Kwa hiyo barua itaje mshahara wa msingi na kiasi kinachobaki, na iambatane na hati za mshahara za karibuni.

Benki huitazama barua ili kujua kinachoweza kukatwa. Kwa kanuni, mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 300,000 kwa mwalimu huyu. Rejesho jipya basi haliwezi kuzidi shilingi 120,000 kwa mwezi, hata barua iwe nzuri namna gani. Barua inathibitisha ajira. Haimfanyi mwajiri kuwa mdhamini wa deni.

Ubalozi huuliza jambo jingine: je, mtumishi atarejea? Jibu ni tarehe za likizo iliyoidhinishwa, tarehe ya kurudi kazini, na maelezo kuwa nafasi yake ingalipo. Barua ya benki isiyo na tarehe hizo haifai kwa viza. Anayekwenda nchi za Shengeni hupeleka maombi si zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Akitarajia kuondoka tarehe 1 Julai, asingoje Juni ndipo aombe likizo na barua Rujewa.

Mtumishi anatakiwa aeleze katika maombi yake barua ni ya shughuli gani, na aombe barua mbili ikiwa shughuli ni mbili.