Sentensi Tatu za Kumjibu Anayekukodolea Macho

Mtoto mwenye ualbino anapokaribia kuanza darasa la kwanza, wazazi wengi hukumbuka kofia pana, shati la mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Kinachosahaulika ni maneno. Siku ya kwanza tu, kabla hata kengele ya mapumziko haijalia, kuna mtoto atakayemsogelea na kumwuliza, "Mbona uko hivyo?" Asipokuwa na jibu atanyamaza na kuinamisha kichwa, na wenzake watalijibu swali wenyewe kwa yale waliyosikia mitaani: kwamba inaambukiza, kwamba ni laana, kwamba watu kama yeye hawafi bali hutoweka.

Wengi wanaomkodolea macho mtoto hawana nia mbaya. Tumezoea sura za aina fulani, na tukikutana na tusiyoitarajia, jicho hukwama hapo kwa muda. Mtu mzima hujizuia na kutazama pembeni, lakini mtoto wa miaka sita bado hajui kujizuia. Kwa hiyo anayemshangaa mtoto wako leo anaweza kuwa rafiki yake kesho, mradi ule mshangao upate jibu mapema.

Mwingereza James Partridge aliungua vibaya usoni katika ajali ya gari mwaka 1970, akiwa na miaka 18. Mwaka 1992 alianzisha shirika la Changing Faces, linalosaidia watu wenye makovu na alama zinazoonekana. Mbinu moja inayofundishwa na shirika hilo ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa chekechea anaweza kuishika: eleza, tuliza, kisha hamisha mazungumzo.

Tuchukue msichana wa miaka saba mwenye ualbino, anayeanza shule mjini Moshi. Akiulizwa mbona yuko hivyo, anajibu: "Nilizaliwa na ualbino, ngozi yangu ina rangi kidogo. Hauambukizi. Wewe unakaa wapi?" Sentensi ya kwanza inaziba pengo la udadisi. Ya pili inaondoa hofu ambayo mwulizaji huenda hakuitamka. Ya tatu ndiyo wazazi huiacha, na ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu inamtoa mtoto kwenye kiti cha kuhojiwa na kumfanya yeye ndiye mwulizaji.

Maneno yawe yake mwenyewe. Kama neno ualbino linamlemea, aseme tu kwamba ngozi yake inaungua upesi juani. Zoezi lifanywe kama mchezo, jioni, wakati hakuna aliyeudhika. Dada yake ajifanye mtoto mpya darasani, aulize kwa upole, kisha aulize kwa kejeli. Baadaye wabadilishane, yeye awe mwulizaji. Zamu hiyo ya pili humwonyesha kwamba hata anayeuliza huwa na wasiwasi wake. Utajua zoezi limeiva pale jibu linapotoka bila yeye kukutazama wewe kwanza.

Hapa pana jambo ambalo mawaidha ya kawaida hulikosea. Watoto wanaotaniwa huambiwa, "Mtazame machoni." Mtoto mwenye ualbino huenda asiweze. Uhaba wa rangi huathiri ukuaji wa macho pia: hayaoni mbali vizuri, huumizwa na mwanga mkali, na mara nyingi huchezacheza yenyewe bila yeye kutaka. Wengi hugundua kwamba wakiinamisha kichwa upande fulani, macho hutulia kidogo na kuona huwa bora. Ukimlazimisha anyooshe shingo, unamnyang'anya uwezo wa kuona. Mfundishe badala yake aelekeze uso wake kwa mwenzake na atoe sauti inayosikika. Hiyo inatosha.

Macho hayohayo huzua uhasama ambao hakuna anayejua ulikotoka. Msichana wetu anakunja uso juani, wenzake wanadhani amekasirika. Wanampungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja, haitikii kwa sababu hawaoni, wao wanasema anaringa. Mzaha mwingi huanzia hapo, si kwenye ngozi. Dawa yake ni sentensi nyingine ya kuwaambia marafiki: "Sioni mbali, niite jina langu." Darasa likishalijua hilo, nusu ya ugomvi huisha.

Mwalimu anapaswa kuyajua haya kabla muhula haujaanza. Mzazi aende kuonana naye, amweleze kuhusu kiti cha mbele kisichoelekea dirisha lenye mwanga mkali, kuhusu kofia kuruhusiwa hata wakati wa paredi, na kuhusu yale majibu waliyofanyia mazoezi nyumbani. Mwalimu akitaka kuzungumza na darasa, mtoto aulizwe kwanza kama anataka kuwepo. Maelezo yawe mafupi na ya kweli: amerithi hali hii kutoka kwa baba na mama wote wawili, si ugonjwa wa kuambukiza, anahitaji kivuli na kukaa karibu na ubao. Kosa ninaloliogopa zaidi ni la mwalimu mwema anayesema, "Mwenzenu ni mgonjwa, mwoneeni huruma." Tangu siku hiyo hakuna atakayemchagua kwenye rede.

Kwa mtoto mwenye kovu la moto, mpango ni uleule, ila swali hubadilika. Wanaomwona hutaka hadithi: "Ulifanyaje?" Hana deni la kuisimulia. "Niliungua nilipokuwa mdogo, sasa nimepona" linatosha, na akisukumwa aseme, "Sipendi kuzungumzia hilo." Jibu liwe la kweli. Kovu la kuungua huchukua hata mwaka mmoja au miwili kutulia, na katika muda huo linaweza kuwasha na kuvuta ngozi. Usimfundishe kusema haliumi kama linamuuma. Wala usimwahidi kwamba akikua litafutika. Ataamini, atasubiri, kisha ataacha kuyaamini maneno yako mengine.

Sentensi tatu ni za wadadisi. Anayerudia jina la kejeli baada ya kujibiwa hatafuti maelezo, na kumweleza tena ni kumpa anachokitaka. Hapo mtoto aseme mara moja, "Hilo si jina langu," aondoke kuelekea kwa rafiki aliyekubaliana naye mapema, na amwambie mwalimu siku hiyohiyo. Kumwambia tu "wapuuze" humwacha peke yake. Dalili kwamba mzaha umezidi huonekana nyumbani: tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi, kofia "inayopotea" mara kwa mara, mtoto asiyekunywa maji shuleni ili asiende chooni walipo wanaomsumbua, au mwenye kovu anayevaa sweta kwenye joto kali.

Na kuna maneno yasiyo mzaha hata kidogo. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino nchini Tanzania wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Mtu mzima akimwita mtoto "dili", hapo hakuna jibu la kufanyia mazoezi. Mtoto aondoke haraka penye watu, amweleze mzazi, na mzazi apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Nyumbani, mtoto hujifunza pia kwa kukutazama. Mama anayemfunika kwa khanga kila daladala inapojaa humfundisha kwamba ana kitu cha kufichwa. Anayemsalimia abiria anayewakodolea macho, "Habari za safari, dada?" humfundisha hatua ya tatu bila somo. Zipo pia siku mtoto amechoka kujibu. Kubalianeni ishara, labda kukubana kidole, inayomaanisha "leo jibu wewe." Kisha kila muhula ukianza, yapitieni majibu upya, maana maswali hukua pamoja na mtoto. Akiwa darasa la sita hawatamwuliza tena kama anaambukiza. Watamwuliza kama atazaa watoto wa namna yake, na jibu la hilo anapaswa kulisikia kwako kwanza: watoto wote watarithi kwake kile kinachosababisha ualbino, lakini atakayezaliwa nao ni yule tu aliyerithi pia kutoka kwa mzazi wa pili.