Pole bila msiba

Mama analima kando ya njia, jembe linapanda na kushuka. Mpita njia anapunguza mwendo: "Shikamoo mama." "Marahaba." "Pole na kazi." Mama anainuka kidogo, anafuta jasho kwa ncha ya khanga: "Asante mwanangu, nimeshapoa." Mpita njia huyo, anaendelea na safari yake.

Mgeni wa lugha hushtuka: pole ya nini, nani kaumia? Hapa hakuna anayeomba radhi. Pole hii inasema tu kwamba nimeuona uchovu wako, na jibu linacheza na undugu wa maneno "pole" na "kupoa".

Mpangilio una uzito. Kwa mkubwa, shikamoo hutangulia. Ukianza na pole utaonekana umeruka ngazi. Wakiwa wengi, sema "poleni". Anayetoka mbali hupewa "pole na safari". "Kazi njema" ni ya kuagana, humwachia mtu kazi iliyobaki.

Sauti nayo huweza kuigeuza. Mwambie kijana aliyelala kivulini saa nne asubuhi, "Pole na kazi, bwana!" Atacheka, au atanuna.